Tisa Uwanjani: Mchoro wa Kumfundisha Mtoto Lini Akabe na Lini Asubiri

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo Jumamosi ni siku ya mpira, na wazee wetu hutaja wachezaji kwa namba kabla ya majina. Baba akisema "namba sita alikuwa amelala," kila mtu sebuleni anajua ni nani anayelaumiwa. Lakini kumlaumu namba sita ukiwa kwenye kochi ni jambo moja. Kumweleza mtoto wa miaka kumi na mmoja asimame wapi, umbali gani na mwenzake, na aanze kukimbia lini, ni jambo jingine kabisa.

Mwaka huu baadhi yetu tumekuwa tukisaidia timu ya watoto wa chini ya miaka 12 hapa Kentaki. Watoto wengi wa timu hiyo wametoka katika familia za Kongo, na nyumbani wanazungumza Kiswahili. Kocha wao ni mzee aliyecheza beki ujanani. Anaujua mpira, lakini alituomba kitu kimoja: mchoro wa karatasi moja ambao yeye, watoto na wazazi wanaosimama pembeni wangeweza kuusoma kwa lugha moja. Makala hii inaeleza mchoro huo, tulivyouchora na sababu za kila mstari. Tumeandika kwa ajili ya yeyote anayefundisha watoto, au atakayeombwa kufundisha kwa sababu tu ana viatu vya mpira.

Kwanza, uwanja wenyewe

Hapa Marekani watoto wa umri huu hawachezi kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Wanacheza tisa kwa tisa, dakika 30 kila kipindi, kwa mpira wa saizi ya 4. Uwanja wao huwa na urefu wa yadi 70 hadi 80 na upana wa yadi 45 hadi 55. Wetu ni yadi 75 kwa 50, na boksi la kipa linatoka yadi 14 kwenda mbele. Kama huna futi ya kupimia, hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu yadi moja, na hiyo inatosha.

Tunaanza na vipimo kwa sababu mchoro usio na vipimo humdanganya mtoto. Michoro mingi ambayo makocha wa watoto huitumia imenakiliwa kutoka timu za watu wazima, yenye mabeki wanne na uwanja wa zaidi ya yadi 100. Ukitoa wachezaji wawili na kuacha mengine yote kama yalivyo, watoto wanabaki na mashimo makubwa ambayo miguu yao haiwezi kuyaziba.

Mfumo tuliouchora ni 3-2-3. Kipa ni namba 1. Nyuma wako watatu: 2 kulia, 4 katikati, 3 kushoto. Viungo ni wawili, 6 na 8. Mbele wako 7 kulia, 9 katikati na 11 kushoto. Tumetumia namba ambazo wazee wetu wanazifahamu, ili mzazi akiuona mchoro asihitaji mkalimani.

Picha mbili, si moja

Jambo la kwanza tulilokubaliana na kocha ni kwamba mfumo una sura mbili. Sura ya kwanza ni tukiwa na mpira, na ya pili ni wapinzani wakiwa nao. Mtoto aliyeonyeshwa picha moja tu huamini kwamba kuna mahali pake uwanjani, kama kiti chake darasani, na kila akipotea hurudi kukaa hapo.

Tukiwa na mpira tunatanuka. Namba 7 na 11 wanakanyaga karibu chaki ya pembeni, ili uwanja wote wa yadi 50 utumike. Kati ya mchezaji na mwenzake aliye karibu tunataka yadi 12 hadi 15, kwa sababu huo ndio umbali ambao mtoto wa umri huu anaweza kupiga pasi ya chini yenye nguvu, ikafika kabla mpinzani hajaikata. Wakiwa karibu zaidi, mpinzani mmoja anawakaba wawili. Wakiwa mbali zaidi, pasi inachoka njiani.

Mpira ukipotea tunajikunja. Hapo umbali kati ya wenzao wawili unashuka hadi yadi 8 au 10, na timu nzima, ukimwacha kipa, inatakiwa itoshee katika kipande cha uwanja chenye urefu wa yadi 25 kutoka kwa namba 9 hadi kwa namba 4. Wazo hili si jipya. Arrigo Sacchi, kocha wa Milan iliyochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka timu yake isizidi mita 25 kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele. Kwa watoto wetu namba hiyo ina sababu nyingine ya kawaida kabisa, na tutaiona hivi punde.

Huu ndio mchoro wa sura ya pili, wapinzani wanapojiandaa kupiga goli kiki. Sisi tunashambulia kwenda juu.

```
        goli la wapinzani
  +-------+---------+-------+
  | KABA  |  ZIBA   | KABA  |
  |       |    9    |       |
  |     11|         |7      |
  +-------+---------+-------+
  |        6     8          |
  |          ZIBA           |
  |    3       4       2    |  mstari wa kati
  |                         |
  |                         |
  +-------------------------+
  |            1            |
  |          LINDA          |
  |                         |
  +-------------------------+
         goli letu
```

Maeneo matatu, maneno matatu

Uwanja tumeukata vipande vitatu vya yadi 25. Kipande cha juu, kilicho karibu na goli la wapinzani, tumekigawa tena: visanduku viwili vya pembeni vyenye upana wa yadi 15 kila kimoja, na katikati yadi 20. Kwenye karatasi ya kocha visanduku hivyo viwili vimepakwa rangi nyekundu. Hapo neno ni kaba. Sehemu ya katikati yao, pamoja na kipande chote cha kati, ni ya njano, na neno lake ni ziba. Kipande cha goli letu ni cha buluu, na neno lake ni linda.

Kwa nini nyekundu iko pembeni tu? Kwa sababu mstari wa pembeni ni beki asiyechoka. Mchezaji aliye katikati ya uwanja anaweza kugeuka pande zote, kwa hiyo mtoto mmoja akimvamia, anapitwa kushoto au kulia. Mchezaji huyo huyo akiwa yadi 4 kutoka kwenye chaki, nusu ya dunia yake imefungwa tayari. Hivyo kazi yetu katika njano si kunyang'anya mpira. Ni kusimama kwenye njia ya pasi za katikati, ili mpira ulazimike kwenda pembeni, mahali ambapo tunataka uende.

Kuhusu lugha, tulibishana kidogo. Kukaba ni neno zuri kwa sababu halimaanishi kukimbilia tu. Anayekaba anabana kutoka pande zaidi ya moja mpaka pumzi ikose njia, na ndivyo tunavyotaka. Watoto wenyewe walipenda maneno haya kwa sababu ya ujanja mwingine: wakipiga kelele "Ziba! Ziba!" timu pinzani haielewi kinachosemwa.

Goli kiki moja, hatua kwa hatua

Sasa tuufuate mpira mmoja. Kipa wao ameweka mpira chini kwa goli kiki. Kwa sheria ya sasa mpira unakuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kuonekana umesogea, na sisi lazima tuwe nje ya boksi mpaka hapo. Beki wao wa kushoto amesogea pembeni, yadi 5 hivi kutoka kwenye chaki, anaomba mpira. Upande huo ni upande wetu wa kulia, yaani upande wa namba 7.

Angalia anaposimama namba 7. Hajasimama juu ya beki huyo. Yuko yadi 10 au 12 kutoka kwake, upande wa ndani, kwenye ukingo wa kisanduku chekundu. Akimkaribia mapema, kipa hatampa beki mpira na mtego umekufa kabla ya kutegwa. Akisimama mbali sana, hatafika kwa wakati.

Kipa anapiga. Pasi ya yadi 20 ya chini, kwa mguu wa mtoto, inachukua sekunde mbili hivi kufika. Namba 7 anahitaji kama sekunde mbili na nusu kuzikimbia yadi zake akianzia kusimama. Hapa ndipo penye somo zima la kukabia juu. Akianza kukimbia mpira unapotoka mguuni mwa kipa, anafika nusu sekunde baada ya mpira, wakati beki bado anautuliza na macho yake yako chini. Akianza mpira unapofika kwa beki, amempa sekunde mbili na nusu za bure, na huo ni muda wa kutuliza, kuinua kichwa, kuchagua na kupiga. Kasi ni ile ile, na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni lini alianza. Kwa hiyo neno la kuanzia ni "Sasa!", na anayelisema ni namba 8 aliye nyuma yake, mara mguu wa kipa unapougusa mpira.

Halafu kuna njia ya kukimbilia. Namba 7 hakimbii moja kwa moja. Anakimbia kwa kupinda, akitokea ndani kwenda nje, ili mwili wake ubaki kati ya beki na katikati ya uwanja. Yadi mbili za mwisho anapunguza mwendo, anainama magoti, anasimama ubavu. Hajitupi. Beki sasa anauona mlango mmoja tu, ule wa kwenda mbele kando ya chaki.

Wakati huo huo wenzake wanafunga milango mingine. Namba 9 anasogea kati ya beki huyo na beki wao wa kati, ili pasi ya kurudi iwe ngumu. Namba 8 anamshika kiungo wao wa karibu, kwa umbali wa mkono. Namba 6 anateleza kuja alipokuwa 8, akimwangalia kiungo wao wa pili. Namba 2 anatoka kwenye mstari wa kati kumsogelea winga wao, kwa sababu pasi ya kando ya chaki itaangukia hapo. Namba 4 anahamia nyuma ya 2, na namba 3 anaingia katikati alipokuwa 4. Kipa wetu ametoka golini na amesimama ukingoni mwa boksi, tayari kufagia mpira wowote utakaopita nyuma ya mabeki.

Sasa ndiyo sababu ya zile yadi 25. Mchezaji hawezi kuotea akiwa katika nusu yake mwenyewe ya uwanja. Kwa hiyo mabeki wetu hawana faida ya kupanda kupita mstari wa kati, kwani mshambuliaji wao angesimama nyuma yao kihalali. Mstari wa kati uko yadi 37 na nusu kutoka goli lao. Namba 9 wetu, mpira ukiwa kwa beki, yuko yadi 12 hivi kutoka goli hilo. Toa 12 kwenye 37 na nusu, unabaki na 25 na nusu, yaani kama 25. Hatukuichagua namba hiyo kwa sababu inapendeza kwenye karatasi. Ni urefu mfupi kabisa ambao timu inayokabia juu kwenye uwanja huu inaweza kuwa nao bila kujiweka hatarini.

Beki wao akipiga mbele, pasi ina yadi 12 hadi 15 za kwenda, na namba 2, aliyeanza mguu wa beki ulipogusa mpira, anafika karibu pamoja nayo. Hata asipoupata, mpira mara nyingi unatoka nje na tunarusha sisi tukiwa karibu na goli lao. Beki akirudisha kwa kipa wake, ni habari njema pia. Kipa haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu, kwa hiyo namba 9 anaendelea na mbio zake na timu nzima inapanda hatua tano.

Mtoto anayemwacha mtu wake

Umegundua kwamba hatujamtaja namba 11. Yeye ndiye mtu mgumu zaidi kumfundisha katika mchoro huu, na ndiye aliyezua mjadala mkali pembeni mwa uwanja.

Mpira ukiwa upande wa kulia, namba 11 anaambiwa aache upande wake wa kushoto na aingie mpaka karibu na katikati. Beki wao wa kulia anabaki peke yake kabisa, akipunga mkono. Mzazi yeyote anayeangalia anaona jambo moja tu: mtoto wake amemwacha mtu. Jumamosi moja mzee mmoja alisimama kwenye chaki akipaza sauti, "Mwanangu, mtu wako yuko wazi! Rudi!" Mtoto akarudi. Dakika iyo hiyo kiungo wao wa pili akapokea mpira mahali ambapo mtoto angekuwa, akageuka, na watatu wao wakawakabili mabeki wetu watatu.

Kocha hakumjibu mzee kwa ukali. Mapumziko yalipofika alimwita, akalaza karatasi kwenye nyasi, akamwambia: "Mzee mwenzangu, hesabu nami. Wao ni wanane bila kipa, sisi ni wanane. Nikitaka wawili wawe karibu na mpira, lazima mmoja wao awe huru mahali fulani. Nimchague yupi?"

Hesabu yake ilikuwa hivi. Beki yule wa kulia yuko yadi 35 au zaidi kutoka kwa mwenye mpira. Kumfikia kunahitaji mpira wa juu wa kuvuka uwanja. Watoto wachache wa umri huu wanaweza kuupiga, zaidi wakiwa wamebanwa. Tuseme ameupata. Mpira wa urefu huo unakaa hewani sekunde mbili na nusu hivi, kisha anayeupokea anahitaji kama sekunde moja kuutuliza. Namba 11 ana sekunde tatu na nusu za kurudi yadi 15, na hizo zinamtosha. Lakini kiungo aliye huru yadi 10 kutoka kwenye mpira anapata pasi ndani ya sekunde moja, na hakuna anayemfikia. Kwa hiyo tunamwacha huru aliye mbali zaidi, na tunafanya hivyo kwa makusudi.

Mzee aliiangalia ile karatasi kwa muda. "Basi mwambieni na yeye," alisema, "maana anadhani mnamtoa kafara."

Tuliandika maneno hayo kwenye daftari, kwa sababu yana ukweli ambao mchoro hauuonyeshi. Kwenye karatasi namba 11 ni duara dogo lenye mshale. Uwanjani ni mtoto ambaye ataonekana mkosaji mbele ya watu wote ikiwa mpira wa juu utamvuka hata mara moja. Tangu hapo kocha humwambia namba 11 mbele ya wenzake wote, kabla ya mchezo: "Wakivusha mpira na kufunga, goli hilo ni langu mimi." Na wazazi hupewa nakala ya mchoro kabla ya mechi.

Dalili za ugonjwa

Mpango huu ukiharibika, huharibika kwa njia chache zinazojirudia, na kocha anaweza kuzitambua akiwa pembeni bila kurekodi chochote.

Ya kwanza ni mkabaji mpweke. Namba 7 anakwenda, wengine wanatazama. Dalili yake usiitafute kwa namba 7, itafute nyuma yake. Angalia nafasi kati ya washambuliaji na viungo wetu. Ikiwa wapinzani wawili wanaweza kusimama humo bila kuguswa, basi aliyekwenda amekwenda bure. Dawa yake si kumwambia 7 akimbie zaidi. Ni kuwaambia 6 na 8 waanze kwa lile neno "Sasa!" pamoja naye.

Ya pili ni mabeki waliogoma. Watoto wa nyuma huogopa kupanda kwa sababu wanaona uwanja mtupu nyuma yao, na hofu hiyo ni ya haki kama kipa amebaki kwenye mstari wa goli. Namba 4 akiwa kwenye mstari wa kati na kipa golini kabisa, kuna yadi 37 zisizo na mwenyewe. Kipa akisogea hadi ukingoni mwa boksi, zinabaki 22 au 23. Kwa hiyo ukiona mabeki hawapandi, anza kwa kumsogeza kipa. Mara nyingi wanapanda wenyewe.

Ya tatu ni nyuki. Watoto watano wanauzunguka mpira mmoja ndani ya kisanduku chekundu. Kocha wetu ana kanuni ndogo: ndani ya nyekundu wanaingia wawili kuufuata mpira, na wa tatu anasimama ukingoni. Wengine wote wana njia ya kuziba, na kila mmoja anapaswa kuweza kutaja ni njia ipi. Akisimamisha mazoezi na kumuuliza mtoto, "Wewe unaziba nini?", jibu linatakiwa liwe mtu au njia. Jibu likiwa "mpira", huyo ni nyuki.

Njia ya kufundisha yote haya ni ya polepole. Siku ya kwanza watoto wanatembea tu, bila mpira. Kocha anasimama mahali pa beki mpinzani na kuinua mkono, na kila mmoja anatembea hadi mahali pake. Siku ya pili kipa anaviringisha mpira kwa mkono, taratibu, ili muda uwe mrefu na makosa yaonekane. Siku ya tatu ndipo goli kiki za kweli zinapoanza, kumi upande wa kulia na kumi upande wa kushoto. Koni nne zinatosha kuonyesha kila kisanduku chekundu.

Usikabe muda wote

Kuna mechi ambazo mchoro huu unapaswa kukunjwa na kuwekwa mfukoni. Ikiwa kipa wao anapiga mipira mirefu tu, hakuna beki wa kutegewa. Basi mabeki wetu warudi yadi 10 na viungo wasubiri mpira wa pili unaodunda. Joto likizidi, au wachezaji wa akiba wakiwa wawili tu, tunakaba kwenye goli kiki na mipira ya kurusha peke yake, wakati kila mtu amekwisha kufika mahali pake. Na mpira ukivuka mstari wa kati ukiwa miguuni mwao, nyekundu imekwisha. Hapo hakuna kuufukuza mpira kutoka nyuma. Kila mtu anakimbilia buluu kupitia katikati, akilitazama goli letu kwanza na mpira baadaye.

Pia mchoro huu si wa watoto wadogo zaidi. Katika mchezo wa saba kwa saba hapa Marekani kuna mstari ambao wapinzani hurudi nyuma yake wakati wa goli kiki, ili timu ijifunze kuanza mpira kwa utulivu. Mtego wa pembeni hauna nafasi huko, na ni vizuri iwe hivyo.

Kwa anayetaka kuchora wake

Mambo matatu tu. Chora ukishambulia kwenda juu, kisha ulaze karatasi chini ikielekea upande timu inakoshambulia, na watoto wasimame nyuma yake. Ukiishika mkononi huku ukiwatazama, kulia kwako ni kushoto kwao, na namba 7 atakwenda kwa 11.

Pili, andika maana ya mistari yako. Makocha wengine huchora pasi kwa mstari mzima na mbio kwa nukta, wengine kinyume chake. Sisi tumechora pasi kwa mstari mzima, mbio kwa nukta, na mbio za kupinda za namba 7 tumezipinda kweli kwenye karatasi, maana mtoto hufuata anachokiona.

Tatu, weka mshale mmoja kwa kila mchezaji, usizidi. Kocha wetu hupenda kuongeza mishale, na kila wiki tunamfutia. Wiki iliyopita alitaka kumwongezea namba 3 mshale wa pili, wa kupanda mbele mpira ukishapatikana. Namba 3 mwenyewe, binti wa miaka kumi na mmoja, aliitazama karatasi akasema, "Kocha, hiyo ni picha ile nyingine." Alikuwa sahihi, na mshale ukahamia kwenye picha ya kwanza.